Sinia Hili Limerudishwa na Nyumba Gani?

Msikilizaji, shughuli ya mtaani haimaliziki wageni wanaponawa mikono. Humalizika siku ambayo chombo cha mwisho kimeingia katika nyumba ya mwenyewe, na mara nyingi siku hiyo huchelewa sana. Nazungumzia walima, khitima na maulidi katika mitaa yetu ya pwani na visiwani, ambako mwenye shughuli hategemei vyombo vyake peke yake. Masinia hutoka kwa jirani wa kulia na wa kushoto, sufuria kubwa hutoka msikitini au kwenye kikundi cha akina mama, vikombe na mabirika hutoka kwa shangazi na mawifi. Aliyetoa huandikwa. Karibu kila shughuli iliyopangwa vizuri ina daftari lenye orodha ya nani katoa nini. Hata hivyo vyombo hupotea, tena hata pale ambapo orodha hiyo iliandikwa kwa uangalifu. Ninachotaka kukithibitisha leo ni kwamba daftari hilo limeandikwa nusu. Tunaandika vyombo vinapokuja, hatuandiki vinaporudi, na nyumba iliyorudisha chombo ndiyo habari inayohitajika kuliko zote siku kinapokosekana.

Kuliona hilo inabidi tukifuate chombo katika safari zake. Sinia la kuazima halitoki kwa mwenyewe likaenda kwa mgeni kisha likarudi. Hutoka nyumbani kwa mwenyewe likaja kwenye jiko la shughuli, na hapo linachanganywa na mengine, kwa kuwa mpakuaji hatazami sinia ni la nani, anatazama wali usipoe. Likishapakuliwa linaweza kwenda uwanjani kwa wanaume, au ndani kwa wanawake. Linaweza pia kufunikwa kawa likapelekwa nyumba ya tatu au ya nne, kwa mgonjwa, kwa mzee asiyeweza kutoka, kwa mama aliye arobaini, au kwa waliobaki nyumbani kulinda watoto. Masinia ya uwanjani na ya ndani hurudi upesi, kwa sababu wenye kuhudumu wapo na wanayahitaji kwa mkupuo wa pili. Yale yaliyotoka nje ya uwanja ndiyo yenye matata. Yanafika nyumba ambayo nayo ina masinia yake, chakula kinahamishwa, mtu anaosha kwa heshima, na jioni mtoto anaambiwa, mwanangu, chukua sinia la watu upeleke. Mtoto anachukua lililo karibu. Hakuna mwizi hapo wala mzembe. Kuna nyumba yenye masinia mawili yanayofanana na mkono mmoja uliobeba lisilo lenyewe.

Sasa tazama kinachotokea chombo hicho kinapofika kwenye shughuli. Kinapokewa na yeyote aliye mlangoni, kinasukumwa kwenye lundo la kuoshwa, na lundo hilo ndilo kaburi la ushahidi. Kabla ya kuingia humo, sinia lina historia inayosomeka. Limeletwa na mtoto wa nyumba fulani, saa fulani, likiwa peke yake au pamoja na bakuli la mchuzi. Likishakaa dakika tano kati ya masinia mengine hamsini, halina tena ila umbo lake. Wanaoosha wanafanya kazi ngumu kwa haraka, hawawezi kulaumiwa, na bado ndio wanaolaumiwa kwanza. Kisha mtu mwenye daftari anakuja kuhesabu, na hapo tunafanya kosa la pili, nalo ni kuiamini hesabu ya jumla. Yalikuja masinia sitini, yamesafishwa masinia sitini, alhamdulillahi, hakuna kilichopotea. Hesabu ya jumla haithibitishi hivyo. Inathibitisha tu kwamba idadi ya vilivyokuja na vilivyopo ni sawa, na idadi inaweza kuwa sawa hali kila nyumba ina chombo cha mwenzake.

Tuchukue mfano tuufanyie kazi mpaka mwisho. Walima wa watu mia tatu, kila sinia watu watano, ndiyo masinia sitini. Msikiti umetoa thelathini. Nyumba sita za mtaa zimetoa matano kila moja, nayo ni thelathini mengine. Arobaini yamekaa uwanjani kwa wanaume, kumi na tano yamekwenda ndani, na matano yamepelekwa majumbani kwa wasioweza kuja. Usiku yanahesabiwa yanakutwa sitini. Asubuhi yanagawiwa, msikiti unapata thelathini yake, kila nyumba inapata matano. Siku ya pili mama wa nyumba ya kwanza anasema, kati ya haya matano moja si langu. Masinia yake amechora kwa msumari alama ya V chini ya ukingo, na hili lina nukta mbili. Nukta mbili ni za nyumba ya tatu. Kule wanakagua, na kweli wamekosa moja lao, lakini wana moja geni lenye mistari mitatu, alama ya nyumba ya tano.

Hapa kuna kanuni ambayo kila mwenye daftari anafaa kuijua. Ikiwa kila aliyetoa amepata idadi yake kamili, na hakuna chombo cha nje kilichoingia, basi makosa yote lazima yazunguke yajifunge. Aliyeshika cha mwenzake, mwenzake naye ameshika cha mwingine, na mwisho wa mzunguko chombo cha yule wa kwanza kitaonekana. Hakuna haja ya kuuliza mtaa mzima. Unasoma alama ya chombo kigeni, unakwenda kwa mwenye alama, unasoma alama ya chombo kigeni kilichoko kwake, unaendelea. Katika mfano wetu tungetarajia nyumba ya tano iwe na lile sinia la V, mambo yakaisha kwa matembezi ya nusu saa. Lakini nyumba ya tano ina sinia lenye maua yaliyochorwa katikati, na hakuna hata mmoja kati ya waliotoa vyombo mwenye sinia la maua. Mzunguko haukujifunga. Maana yake ni moja tu: chombo cha nje kimeingia, na sinia la V limetoka. Yale sitini yaliyohesabiwa usiku yalikuwa hamsini na tisa ya watu na moja la mtu asiyejua kwamba analo deni wala kwamba anadai.

Na hapa ndipo daftari la nusu linapoishiwa nguvu. Linajua nani katoa, na sinia la maua halikutolewa na yeyote. Njia pekee ya kulifuata ni kujua nani alilileta. Bila kumbukumbu hiyo, mwenye shughuli ana milango mitano ya kubisha, ile mitano iliyopelekewa chakula. Akiibisha yote, wanne kati ya hao watano watajiona wametuhumiwa sinia siku ya pili baada ya kula chakula cha harusi. Wengi huona bora wanyamaze, wanunue sinia jipya la kumpa mama wa nyumba ya kwanza, na lile la maua linabaki jikoni kwao miaka na miaka. Lakini kama mtu aliyekaa mlangoni aliandika maneno machache tu, kwamba sinia moja la maua limerudishwa na nyumba ya mgonjwa karibu na kisima, kaleta mtoto wa kiume, baada ya magharibi, basi mlango wa kwenda ni mmoja. Tena namna ya kwenda inabadilika kabisa. Huendi kudai, unakwenda kurudisha. Unabeba sinia la maua mkononi, unabisha hodi, unasema, bibi, tumekuja na sinia lenu, tunadhani limekuja kwetu kwa bahati mbaya. Mwenye nyumba akiliona lake atalikumbuka la watu, na la V litatoka ndani bila neno zito kusemwa. Hata ikiwa atasema la maua si lake, liliachwa pale na dada yake, bado umeanzia mahali pa kweli na njia inaendelea mbele.

Kwa hiyo kazi yenyewe ifanywe vipi? Kwanza, apatikane mtu mmoja, si watatu, akae baina ya mlango na mahali pa kuoshea, na chombo chochote kisimpite. Awe mtu anayezijua nyumba za mtaa na watoto wake, kwa sababu mtoto anayeleta bakuli hatajua kujieleza zaidi ya kusema katumwa na bibi. Pili, kila kinacholetwa kutoka nje kiwekwe fungu lake, fungu kwa nyumba, na fungu lioshwe peke yake kabla ya kuguswa lingine. Hili peke yake, hata bila kalamu, huokoa vyombo vingi, kwa kuwa linachelewesha ule mchanganyiko mpaka alama zimesomwa. Tatu, iandikwe nyumba iliyoleta, aliyebeba, aina na idadi, alama iliyoonekana, na kasoro ikiwapo, kama ukingo kupinda, bakuli kumeguka, au sufuria kuja bila mfuniko. Safu ya kasoro watu huiruka wakidhani ni ya kutafuta makosa. Ukweli ni kwamba ndiyo inayowaepusha wanaoosha na lawama ya ufa waliokuta umeshakuwapo.

Alama nazo zina habari yake, na nyingi tunazotumia hazifai kwa chombo tulichokipa. Rangi ya kucha ni nzuri chini ya sahani, kikombe au bilauri, maana huko hakuna moto na hukaa muda mrefu. Juu ya sufuria haina maisha. Sufuria ya pilau huungua chini kwa kuni, na wali ukikaribia kukauka makaa hupaliwa juu ya mfuniko, kwa hiyo chini na juu kote ni motoni. Rangi huko hubabuka au hugeuka nyeusi, na kinachobaki humalizwa na mchanga, majivu na nyuzi za chuma za kusugulia. Wapishi wengine huipaka sufuria udongo au majivu kwa nje kabla ya kuiteleka ili masizi yatoke kirahisi, na hapo alama ya kitakoni haionekani kabisa siku ya shughuli. Sufuria zetu za alumini ni laini, ncha ya msumari na nyundo ndogo inatosha kupiga nukta zisizofutika, na mahali pake ni ubavuni, vidole viwili chini ya ukingo, ambapo moto ni mdogo na mkono wa msuguaji haukazi sana. Mfuniko upigwe nukta zile zile upande wa ndani, karibu na ukingo. Mfuniko ndio unaopotea zaidi kuliko sufuria yenyewe, kwa sababu baada ya kupakua hugeuzwa kitu cha kukatia nyama au kuwekea miiko, na saa ya kugawa vyombo hakuna anayeukumbuka. Asiye na alama kabisa bado ana ushahidi wa mwili wa chombo. Sufuria zilizonunuliwa pamoja huingiana, na mfuniko wa ukoo mmoja hukaa bila kuyumba. Atakayedai chombo aeleze kwanza alama, bonde au ufa wake kabla hajaoneshwa. Huko si kumdhania vibaya. Atakayedai baada yake naye atatakiwa aeleze vivyo hivyo.

Najua yupo atakayenipinga, na pingamizi lake ni la heshima. Atasema ujirani haukai na kalamu. Mtu akupelekee chakula, umrudishie chombo, halafu jina lako liandikwe mlangoni kama la mshtakiwa? Nalichukua pingamizi hili kwa uzito wote, kwa sababu kama lingekuwa kweli, vyombo vyote vya mtaa visingelingana na uso wa jirani mmoja. Lakini tuulize, pasipoandikwa, dhana huenda wapi? Haipotei. Huenda kwa wasichana walioosha, au kwa nyumba iliyo na uwezo mdogo kuliko zote, ambayo kila mtu anaona rahisi kuamini kwamba sinia limeishia huko. Kutoandika hakumhifadhi jirani. Humnyima shahidi yule anayemhitaji zaidi. Na wenye dini wanaijua habari iliyosimuliwa na Anas bin Malik na kupokewa katika mkusanyiko wa Bukhari: mmoja wa wakeze Mtume alimpelekea chakula katika bakuli alipokuwa nyumbani kwa mkewe mwingine, bakuli likapigwa likavunjika, Mtume akaokota vipande na chakula, kisha akalituma zima kutoka nyumba ile ile lilimovunjika, na lililovunjika akalibakisha humo. Angalia hukumu ilivyokaa. Haikutafutwa aibu ya mtu. Ilitazamwa chombo kilitoka wapi na kiliharibikia nyumba ipi, na nyumba hiyo ikatoa badala. Pasipojulikana nyumba, hukumu kama hiyo haina pa kukaa.

Madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa Waislamu wa pwani yetu wanayafuata, yanaongeza uzito huu. Kwao aliyeazima anadhamini alichoazima hata kikipotea bila uzembe wake, ila uchakavu unaotokana na matumizi yaliyoruhusiwa. Sufuria kuingia masizi au kukwaruzwa na mwiko si deni. Sufuria kutorudi ni deni. Na deni hilo liko kwa mwenye shughuli, si kwa mtoto aliyebeba wala kwa aliyeosha. Basi mwenye shughuli anayesema kuandika ni kujidhalilisha ajue anazungumzia dhamana iliyo shingoni mwake mwenyewe.

Pingamizi la pili ni la wakati wetu. Watu wanasema zama za kuazimana zimekwisha, siku hizi vyombo hukodiwa pamoja na maturubai na viti, au chakula huliwa kwa sahani za kutupwa. Ni kweli kwa sehemu, hasa mijini. Lakini vyombo vya kukodi huja vikiwa vimehesabiwa na huondoka vikihesabiwa, na pengo hulipwa na aliyekodi kwa fedha taslimu, huku mkodishaji hajali kilipotelea wapi. Tena hakuna anayeacha kupeleka sinia kwa mgonjwa kwa sababu tu ni la kukodi. Kwa hiyo kumbukumbu ya nyumba iliyorudisha inafaa zaidi hapo, maana huwezi kumpa mkodishaji sinia la maua ukamwambia ni lile lile. Ama sahani za kutupwa, hizo zimeondoa tatizo la sahani, hazijaondoa la sufuria, mabirika na chupa za chai.

Lazima niseme pia mahali ambapo njia hii haifiki. Vikombe vya plastiki na sahani nyeupe zilizonunuliwa duka moja, zisizo na alama, haziwezi kufuatwa, na kujaribu ni kupoteza usiku na kuwachosha watu. Hizo zihesabiwe kwa jumla na pengo lijazwe kwa mfano wake, mwenyewe akiridhika. Bilauri za kioo pia, maana zinazokosekana nyingi zimevunjika, hazikuhama. Juhudi iwekwe kwenye masinia, sufuria na mifuniko yake, mabirika, chupa za chai na mabakuli makubwa. Kwa walima wa watu mia tatu, vitu vilivyotoka nje ya uwanja na kurudi ni vichache, pengine kurasa mbili za daftari la shule. Hiyo ndiyo kazi yote tunayoikimbia.

Na ikitokea chombo kimebaki, hakina alama inayojulikana na aliyekileta amekikana, kisiingizwe katika vyombo vya mwenye shughuli kwa kuwa yeye ndiye aliyeulisha mtaa. Kipelekwe msikitini au kwa kikundi kilichotoa sufuria, kifungwe karatasi yenye tarehe ya shughuli na nyumba iliyokirudisha, na kitangazwe kila kunapokuwa na shughuli nyingine, kwa sababu watu wale wale hukutana tena. Nawaomba akina mama wenye vikundi na wasimamizi wa vyombo vya misikiti: katika daftari lenu, mkabala na safu ya aliyetoa, pigeni mstari leo mweke safu ya aliyerudisha, na mchagueni mapema mtu wa kuijaza.